Kompyuta ya Ofisini Kwenye Gemu: Thamani Inaishia Wati 75

Katika maduka ya kompyuta za mtumba, kuanzia Kariakoo hadi Moi Avenue jijini Nairobi, makasha yanayouzwa kwa wingi ni yaleyale: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre. Ni mashine zilizokaa chini ya meza za mabenki, shule na ofisi za serikali nje ya nchi kabla ya kupakiwa na kuletwa huku. Kwa anayetaka kucheza gemu kwa fedha kidogo, ushauri unaosikika kila mahali ni mfupi: nunua mojawapo, chomeka kadi ya grafiki ya bei nafuu, anza kucheza.

Ushauri huo ni wa kweli kwa sehemu. Kuna mchanganyiko wa kasha na kadi ambao kwa fedha hiyohiyo hauna mpinzani, na kuna mwingine unaofanana nao dukani lakini unakula fedha bila kurudisha chochote. Wengi hutafuta tofauti hiyo kwenye jina la prosesa, maana ndilo muuzaji analolitaja kwanza. Prosesa ina sehemu yake, lakini kinachoamua zaidi ni kitu ambacho muuzaji hakitaji kabisa: pawa saplai iliyo ndani ya kasha, na kiasi cha umeme inachoweza kuipatia kadi.

Unafuu unatoka wapi

Kampuni kubwa hainunui kompyuta moja moja. Hununua mamia kwa mkupuo, zikiwa na dhamana ya miaka kadhaa, kisha dhamana inapoisha huziondoa zote pamoja hata kama zinafanya kazi. Matokeo yake ni kwamba mashine nzima nzima zinafika sokoni kwa wingi kuliko wanunuzi wanaozihitaji. Bei yake ni ya chini kwa sababu ya wingi huo, si kwa sababu ya ubovu. Nyingi zimetumika kwa barua pepe na hesabu za mishahara, kazi ambazo hazichoshi prosesa hata kidogo.

Ila mashine hizi zilitengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye hatazifungua. Dell au HP anapounda kompyuta ya ofisi hubuni mazabodi, pawa saplai na kasha kwa pamoja, kila kimoja kikimfuata mwenzake. Kompyuta ya kuunganisha mwenyewe hutumia kiunganishi kikuu cha umeme cha pini 24, na pawa saplai yoyote ya kawaida huingia. OptiPlex nyingi za kuanzia mwaka 2013 hutumia kiunganishi cha pini 8 au 6 cha Dell peke yake, na HP naye ana cha kwake. Mazabodi nayo haiingii kwenye kasha jingine bila kukata na kutoboa. Kwa hiyo unafuu wa mashine hii una sharti lake: umeinunua kama ilivyo, na sehemu kubwa ya ilivyo haibadiliki.

Hesabu ya umeme

Tuchukue OptiPlex 7040 ya kasha la wima, lile ambalo mafundi huliita tawa. Pawa saplai yake ni ya wati 240. Toleo jembamba la mashine hiyohiyo, lenye alama ya SFF, lina wati 180. OptiPlex 7060 ya mwaka 2018 ina wati 260 kwenye tawa na 200 kwenye SFF. Ukizoea kompyuta za gemu zenye pawa saplai ya wati 600, namba hizi zinaonekana ndogo mno. Si ndogo kwa kazi tunayoizungumzia, ila hazina ziada ya kuchezea.

Prosesa ya i5-6500 iliyo ndani ya 7040 imepangiwa wati 65. Mazabodi, RAM, diski na feni kwa pamoja tuzipe wati 35, na hapo tumezipa kwa ukarimu. Jumla ni 100. Sloti ya kadi ya grafiki, kwa kanuni ya PCI Express, inaruhusiwa kutoa hadi wati 75. Ongeza hizo, unapata 175 kati ya 240. Hata siku kila kitu kikifanya kazi kwa nguvu zake zote kwa pamoja, pawa saplai inabaki na nafasi ya kupumua. Huu ndio msingi wa mpango mzima: kadi inayopata umeme wake wote kutoka kwenye sloti, bila waya wa pembeni.

Sasa jaribu kadi kubwa zaidi. GTX 1060 hutumia wati 120. Hesabu inapanda hadi 220, na bado iko chini ya 240, hivyo mtu anaweza kusema inatosha. Lakini kadi hiyo inadai waya wa umeme wa pini 6, na pawa saplai ya 7040 iliyokuja na mashine haina waya huo. Hapo ndipo fundi anapotoa adapta ndogo inayochukua umeme kutoka kwenye kiunganishi cha SATA, kile cha diski, na kuupeleka kwenye kadi. Kiunganishi cha SATA kimepimwa kubeba ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Kadi yenye pini 6 ina haki ya kuvuta wati 75 kupitia hapo. Gemu nyepesi haitaonyesha tatizo. Gemu nzito ikichezwa saa mbili, plastiki ya kiunganishi hupata joto, hulainika, na mara nyingine huungua. Ukisikia harufu ya plastiki, au kompyuta ikizima ghafla kila gemu inapozidi kuwa nzito bila kuzima wakati wa kazi za kawaida, chunguza hapo kwanza.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani si prosesa ni ya kizazi gani. Ni kasha la aina gani, na stika ya pawa saplai inasema wati ngapi. Stika hiyo husomeka ukifungua ubavu wa kasha, na kwenye tawa nyingi za ofisi ubavu hufunguka kwa mkono bila bisibisi.

Kadi zinazofaa, na zinazofanana nazo

Ukishakubali mpaka wa wati 75, orodha inakuwa fupi, na hilo ni jambo jema kwa mnunuzi.

GTX 1050 Ti, iliyotoka Oktoba 2016, ndiyo iliyoanzisha mtindo huu. Ina gigabaiti 4 za kumbukumbu na haihitaji waya wa pembeni katika matoleo yake mengi. Kwa miaka mingi ilikuwa jibu la kawaida, na bado ipo tele. Tatizo lake sasa ni la kalenda: mwaka 2025 Nvidia iliacha kuzitengenezea kadi za kizazi chake draiva mpya za gemu, ikabakisha marekebisho ya usalama tu. Gemu zilizopo zitaendelea kufanya kazi. Gemu mpya ikitoka na kasoro kwenye kadi hiyo, hakuna atakayeirekebisha.

GTX 1650, ya Aprili 2019, ndiyo chaguo la kati na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kuwa kipimo cha bei. Inatumia wati 75, ina gigabaiti 4, ina nguvu kuliko 1050 Ti kwa tofauti inayoonekana, na draiva zake bado zinatolewa. Angalia kitu kimoja: baadhi ya watengenezaji waliiongezea tundu la pini 6 ili waipandishe kasi. Jina ni lile, kadi haifai kwa kasha letu. Tazama ukingo wa juu wa kadi kabla ya kulipa.

RX 6400 ya AMD, ya mwaka 2022, hutumia wati 53 tu, na ipo katika umbo fupi linaloingia kwenye SFF. Inavutia, ila ina mtego. Imeunganishwa na mazabodi kwa njia nne tu za mawasiliano, ikitegemea kwamba njia hizo ni za PCI Express toleo la 4. OptiPlex za kizazi cha sita hadi cha nane zina toleo la 3, ambalo kila njia yake hubeba nusu ya data. Gemu inapojaza gigabaiti 4 za kadi na kuanza kuazima kutoka RAM, njia hizo nyembamba husongamana, na mchezo hukatakata. Isitoshe, haina sehemu ya kurekodi video, hivyo anayetaka kurekodi au kurusha mchezo wake mtandaoni ataubebesha mzigo huo kwa prosesa.

RTX 3050 ya gigabaiti 6, iliyotoka Februari 2024, ndiyo yenye nguvu zaidi kati ya hizi. Hutumia wati 70 na haihitaji waya. Hapa napo jina linadanganya: kuna RTX 3050 ya gigabaiti 8 iliyotangulia, inayotumia wati 130 na kudai waya wake. Mnunuzi asiyetaja gigabaiti anaweza kupewa ile isiyomfaa.

Umbo la kasha linaingia hapa. Kwenye tawa kadi hizi zote huenea. Kwenye SFF unahitaji kadi ya urefu wa nusu, na mara nyingi sloti yake kubwa imebanana na pawa saplai au fremu ya diski kiasi kwamba kadi nene inayochukua nafasi mbili haikai. Kadi fupi ni chache sokoni, kwa hiyo bei yake hupanda. Mtu anaokoa kidogo kwenye kasha jembamba, kisha analipa zaidi ya alichookoa kwenye kadi. Makasha madogo kabisa, yale ya ukubwa wa kitabu yanayoitwa Micro, Tiny au Mini, kwa kawaida hayana sloti ya kadi kubwa. Hayo yaache kwa kazi za ofisi.

Prosesa na umri wake

Umeme ukishatosha, prosesa inaamua gemu zipi, na kwa muda gani.

Prosesa ya i5-6500 ina viini vinne, na kila kiini hufanya kazi moja kwa wakati mmoja. Mwaka 2015, GTA V ilipotoka kwenye kompyuta, mtengenezaji wake alipendekeza i5-3470, prosesa ya zamani zaidi yenye viini vinne vilevile, pamoja na kadi ya GTX 660. OptiPlex yenye i5-6500 na GTX 1650 inazipita zote mbili, ndiyo maana GTA V inakwenda vizuri juu ya fremu 60 kwa sekunde kwenye 1080p, ilimradi usipandishe kila kitu hadi mwisho. Gemu nyingi za miaka hiyo ziko katika hali hiyohiyo, na za mpira za zamani, kama PES 2017 na PES 2021, hazina shida kabisa.

Kadiri unavyokaribia leo, nafasi inapungua. Kwa FC 25, EA iliweka kiwango cha chini kuwa i5-6600K na GTX 1050 Ti. Hiyo 6600K ni ndugu wa karibu wa 6500, ila ina kasi kidogo zaidi. Maana yake ni kwamba kadi yetu imevuka kizingiti na prosesa imesimama mlangoni. Cyberpunk 2077, baada ya mahitaji yake kupandishwa mwaka 2023, inataja i7-6700 na GTX 1060 ya gigabaiti 6 kama kiwango cha chini. Hapo zote mbili ziko chini. Na zipo gemu ambazo GTX 1650 haizifungui hata kwa picha mbovu: Indiana Jones and the Great Circle na Doom: The Dark Ages zinataka kadi yenye vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga, na GTX 1650 haina.

Dalili ya prosesa iliyochoka si fremu chache. Mara nyingi wastani wa fremu unaonekana mzuri, lakini mchezo unakwama kwa nukta moja kila unapogeuka haraka au unapoingia mtaa wenye watu wengi. Namna ya kuthibitisha ni rahisi. Shusha mwonekano kutoka 1080p hadi 720p na usiguse kingine. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa. Zikibaki palepale, prosesa ndiyo ukuta, na kadi kubwa zaidi haitakusaidia. Kipimo hiki kimewaokoa wengi fedha za kadi ya pili.

Kabla ya kuilaumu prosesa, hata hivyo, tazama RAM. Mashine za ofisi mara nyingi huuzwa na kipande kimoja cha gigabaiti 8. Prosesa hizi zina njia mbili za kufikia kumbukumbu, na kipande kimoja hutumia njia moja tu. Kuongeza kipande cha pili kinacholingana na cha kwanza kunafungua njia ya pili na kukupa gigabaiti 16 kwa pamoja. Ni nyongeza ya bei ndogo kuliko zote kwenye mpango huu, na huondoa sehemu ya kukwama ambayo watu huidhania kuwa ni kadi.

Upande mwingine wa umri ni Windows. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa kanuni zake inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi pamoja na TPM 2.0, na i5-6500 ni ya kizazi cha sita. Mafundi wanajua njia za kuiweka Windows 11 kwenye mashine ya zamani, na inafanya kazi, ila Microsoft haiahidi kwamba masasisho makubwa yataendelea kuingia. Kwa gemu za mtandaoni jambo hili lina uzito. Valorant ikiwa kwenye Windows 11 hudai TPM 2.0 na Secure Boot viwe vimewashwa, na Battlefield 6 hudai Secure Boot. Kuhamia Linux kunafungua gemu nyingi za Steam, lakini Valorant na Fortnite hazichezeki huko.

Kwa hiyo kizazi cha nane ndicho mstari wa maana. OptiPlex 7060 yenye i5-8500 ina viini sita badala ya vinne, inakubalika rasmi kwenye Windows 11, na tawa yake ina wati 260. Prosesa yake imepangiwa wati 65 kama ile ya zamani, ingawa hupanda juu ya hapo kwa muda mfupi ikisukumwa. Hesabu ya umeme haibadiliki sana, ila umri wa mashine kwenye gemu unaongezeka kwa miaka kadhaa.

Hesabu ya shilingi

Bei za mtumba hupanda na kushuka kila shehena inapofika, kwa hiyo namba zifuatazo ni za kufanyia hesabu tu. Weka za dukani kwako, njia ibaki ileile.

Tuseme tawa yenye i5-6500, gigabaiti 8 na SSD ndogo inauzwa shilingi 350,000 za Tanzania. GTX 1650 iliyotumika ni 300,000. Kipande cha pili cha RAM ni 50,000. Jumla ni 700,000. Tawa yenye i5-8500 tuiweke 550,000, na kwa kadi na RAM ileile jumla inakuwa 900,000.

Swali ambalo watu husahau kuliuliza ni hili: kati ya fedha hizo, ngapi zitahama nami siku nitakapobadilisha mashine? Kadi inahama. RAM ya DDR4 inahama kama mazabodi ijayo ni ya DDR4. SSD na monita vinahama. Kinachobaki nyuma ni kasha, mazabodi, pawa saplai na prosesa, ambavyo vinaweza kuuzwa tena kama kompyuta ya ofisi, jambo ambalo ndilo vilizaliwa kulifanya. Katika mfano wa kwanza, nusu ya fedha iko kwenye vitu vinavyohama. Ndiyo sababu ya kwanza ya kusema mpango huu una thamani: ukikosea, hasara yake ina mwisho.

Thamani hiyo inapotea mtu anapokataa mpaka wa wati 75. Tuseme miezi sita baadaye unataka RTX 3060, yenye wati 170 na tundu la pini 8. Pawa saplai ya ofisi haifai, kwa hiyo unanunua mpya, tuiite 150,000. Kiunganishi chake cha pini 24 hakiingii kwenye mazabodi ya Dell, kwa hiyo unatafuta adapta ya kugeuza. Pawa saplai mpya huenda isilingane na matundu ya skrubu ya kasha, kwa hiyo fundi analipwa kuikalisha. Ukimaliza yote hayo, kadi kubwa inaingia kwenye mashine ambayo prosesa yake ilikwisha kuwa ukuta na GTX 1650. Umetumia fedha za kutosha kuanza na mazabodi ya kawaida, na bado huna mazabodi ya kawaida. Kila shilingi inayoingia kwenye kasha baada ya kadi ya kwanza na RAM inapaswa kutiliwa shaka.

Kinachokwenda kombo dukani

Hatari kubwa kuliko zote ni kadi ya bandia. Kwa miaka kadhaa sasa kadi za zamani sana, kama GTS 450 na GTX 550 Ti za mwanzoni mwa miaka ya 2010, zimekuwa zikibadilishiwa programu ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti au 1650. Windows itasoma jina la uongo bila kusita. Ishara ya kwanza iko nyuma ya kadi: familia ya GTX 10 na zilizofuata hazitoi picha ya analogi, hivyo GTX 1050 Ti yenye tundu la bluu la VGA itilie shaka papo hapo. Uthibitisho ni programu ya bure ya GPU-Z, ambayo matoleo yake ya sasa huandika neno FAKE mbele ya jina la kadi iliyochezewa. Nenda nayo kwenye flashi na uombe kuiendesha kabla ya kulipa. Muuzaji mwenye kadi halali hana sababu ya kukataa.

Kuna kadi halali inayoumiza vilevile. GT 1030 ilitoka mwaka 2017 na kumbukumbu ya GDDR5, kisha mwaka 2018 likaja toleo la DDR4 kwa jina lilelile. La kwanza husafirisha gigabaiti 48 za data kwa sekunde, la pili takriban 17. Kwenye gemu la pili ni kivuli cha la kwanza. Hata la kwanza liko chini sana ya GTX 1650, na bei ikikaribiana halina sababu ya kununuliwa.

Kwenye kasha lenyewe, jaribu kuingia BIOS kabla ya kuondoka, kwa F2 kwenye Dell na F10 kwenye HP. Mashine za kampuni huja na nenosiri la msimamizi ambalo anayeuza mara nyingi halijui. Itawaka na kufanya kazi, lakini siku utakapotaka kuwasha Secure Boot, kubadilisha mpangilio wa kuwasha au kusasisha BIOS, mlango utakuwa umefungwa.

Tatizo la mwisho hutokea nyumbani na halina gharama. Mtu anachomeka kadi, anaendesha gemu, anaona fremu 15, na anarudi dukani akidai kadi ni mbovu. Waya wa monita bado uko kwenye tundu la mazabodi. Unatakiwa uwe kwenye kadi. Na kama monita ni ya ofisi yenye VGA pekee, kadi hizi zitahitaji adapta yenye saketi ya kugeuza mawimbi, si waya wa kawaida wa kuunganisha tu.

Ikilinganishwa na njia nyingine

Mshindani wa kweli wa mpango huu mitaani ni PS4 iliyotumika. Kwa anayetaka mpira na marafiki sebuleni, PS4 inashinda: inawaka na kucheza, pedi mbili zinatosha, na diski zinaazimwa na kubadilishanwa. Kompyuta inarudisha pigo kwa gemu za bure za mtandaoni, kwa bei za punguzo za Steam, na kwa kuwa mchana ni mashine ya masomo, uhasibu au kuhariri video. Kama huna matumizi hayo mengine, usijidanganye kwamba utayapata baadaye. Nunua PS4.

Mshindani wa pili ni kuunganisha kompyuta mpya yenye prosesa inayobeba grafiki ndani yake, kama Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021. Mwanzoni itakuwa dhaifu kuliko OptiPlex yenye GTX 1650, na itagharimu zaidi. Lakini mazabodi yake ni ya kawaida, pawa saplai ni ya kawaida, na baada ya mwaka unaingiza kadi yoyote mfuko unaoruhusu. Ofisi inakupa mwanzo mzuri na dari ya chini. Hii inakupa mwanzo wa wastani na dari ya juu. Anayejua kwamba ataongeza fedha kila baada ya miezi kadhaa ana sababu ya kuchagua njia hii.

Kompyuta mpakato ya ofisi iliyotumika, kwa upande wake, haimo kwenye shindano. Grafiki yake imefungwa ndani, na hakuna kadi ya kuiokoa.

Uamuzi

Mpango huu una thamani ikiwa mambo matatu yanakutana. Kasha ni tawa, si SFF wala dogo zaidi. Kadi haina tundu la waya wa umeme, na bei yake haizidi bei ya kasha. Gemu zako ni za mashindano ya mtandaoni au zilizotoka kabla ya mwaka 2020 hivi, kwenye 1080p. Ndani ya mipaka hiyo hakuna kitu kipya dukani kinachoikaribia kwa fedha ileile.

Kati ya vizazi viwili tulivyovipima, nyongeza ya kufikia i5-8500 ndiyo fedha bora zaidi kutumia, bora kuliko kuruka kutoka GTX 1650 hadi RTX 3050 kwenye prosesa ya kizazi cha sita. Kadi unaweza kuibadilisha baadaye, na sheria za Windows 11 huwezi. Kama bajeti inaishia kwenye i5-6500, ichukue kwa bei yake, ukijua kwamba unanunua maktaba ya gemu za jana na si tiketi ya za kesho.

Anayetaka gemu zinazotoka mwaka huu, kwa picha nzuri, afunge mfuko na asubiri. Kasha la ofisi halitamfikisha huko, na kila adapta atakayouziwa njiani itamwondolea sehemu ya fedha za mashine ambayo ingemfikisha.